Ramani Moja ya Kiwanja, Mikono Minne: Rejea Zikigoma na Bloku Zikigongana

Kiwanja kilikuwa Kigamboni, nyumba 14, na ramani yake ilishikwa na watu wanne: mpimaji, msanifu majengo, mhandisi wa barabara na mifereji, na mimi ninayekusanya kazi zao na kuziprinti. Wiki ya kwanza tulifanya kazi ndani ya faili moja ya AutoCAD iliyokaa kwenye seva. Jumatano mhandisi alikuta nimeifungua, akahifadhi mitaro yake kwa jina jingine. Msanifu naye akafungua ile ya mhandisi akidhani ndiyo mpya. Kufika Ijumaa tulikuwa na faili tano, na kila moja ina kitu ambacho nyingine haina.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho msingi wa maelezo yote yanayofuata, kwa hiyo nitakionyesha kwanza. Kila fani ilipata faili yake na mwenye faili mmoja. Faili ya kwangu haichorwi kitu cha fani yoyote. Inavuta zile nyingine kama rejea za nje kwa amri ya `XREF`, halafu inabeba kurasa za kuprinti tu. Nitaiita faili mama.

```
KIT\
  00-JUMLA\KIT-JUMLA.dwg
  01-UPIMAJI\KIT-UPIMAJI.dwg
  02-NYUMBA\KIT-NYUMBA.dwg
  03-BARABARA\KIT-BARABARA.dwg
  09-BLOKU\
  99-ZAMANI\
```

Mpangilio huu unaondoa kugombania faili, ila unaleta matatizo yake. Haya ndiyo niliyokutana nayo, nimeyapanga kwa dalili unayoiona kwenye skrini.

## Faili inafunguka kwa kusoma tu, au inakataa kuhifadhiwa

Ukiambiwa faili inatumika na mtu mwingine, usikimbilie kuhifadhi nakala. Andika `WHOHAS`, chagua faili, na AutoCAD itakutajia jina la mtumiaji, kompyuta yake na saa aliyoifungua. Taarifa hizo zinatoka kwenye vifaili viwili vidogo vinavyozaliwa kando ya mchoro ukifunguliwa, vyenye mwisho wa `.dwl` na `.dwl2`. Mara nyingi jibu ni jepesi: fulani ameenda kula, kompyuta ameiacha wazi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, vifaili hivyo hubaki bila mwenyewe, na `WHOHAS` itaendelea kumtaja mtu ambaye kompyuta yake imezima. Mpigie simu kwanza. Akithibitisha kwamba hana faili wazi, unaweza kufuta `.dwl` na `.dwl2`. Ikiwa Windows inakataa hata kuzifuta, basi ni seva ndiyo bado imeshikilia faili ile kwa niaba ya kompyuta iliyozima, na anayesimamia seva ndiye wa kuiachia.

Kuna aina ya pili inayochanganya zaidi. Mhandisi anafungua faili yake mwenyewe vizuri, anachora saa nzima, anabonyeza kuhifadhi, anakataliwa. Hakuna mwingine aliyeifungua. Kilichotokea ni kwamba mtu ameifungua faili *mama*, na kompyuta yake imewekwa kushika rejea zote inazozivuta. Nenda kwenye kompyuta hiyo, andika `XLOADCTL`, uangalie namba. Ikiwa 1, faili inayorejewa inafungwa kwa wengine kwa muda wote faili mama iko wazi. Weka 2, ambayo ndiyo hali ya kawaida: AutoCAD inasoma kutoka kwenye nakala ya muda na mwenye faili anaendelea na kazi. Mpangilio huu hukaa kwenye kompyuta, haumo ndani ya mchoro, kwa hiyo ni lazima uupitie kwenye kila mashine ya ofisi.

Ya tatu ni ya mkono mwepesi. Mtu akibofya rejea mara mbili ndani ya faili mama, AutoCAD inampeleka kwenye `REFEDIT`, yaani kuihariri palepale, na faili ya mwenzake inafungwa hadi amalize. Sisi tuliamua hilo lisiwezekane kabisa: kila mwenye faili aliandika `XEDIT` na kuweka 0 ndani ya faili yake. Mpangilio huu, tofauti na ule wa kwanza, unahifadhiwa na mchoro wenyewe. Anayetaka kubadilisha barabara amwambie mwenye barabara.

Na kama folda yenu imo kwenye huduma ya kusawazisha faili kwa intaneti, jueni kwamba kila mtu anafungua nakala iliyo kwenye diski yake. Watu wawili wanaweza kufungua faili moja dakika moja bila yeyote kuonywa, na huduma itakapogundua itakutengenezea faili ya pili yenye jina la kompyuta au neno la mgongano. Hapo hakuna amri ya AutoCAD ya kuwaokoa. Umiliki wa faili, mtu mmoja kwa faili moja, ndio kinga pekee.

## Nyumba haziko kwenye kiwanja

Hili ndilo lililotula muda mwingi, na ndilo ambalo watu hulitibu vibaya kuliko yote. Rejea ikija mahali pasipo pake, mkono unakwenda wenyewe kwenye `MOVE` au `SCALE`. Ukifanya hivyo inakaa vizuri kwenye faili yako, lakini imekaa vibaya kwenye ya kila mtu mwingine, na kosa lenyewe halijaguswa. Kabla ya kuhamisha chochote, pima.

Chagua bikoni mbili za mpimaji zinazoonekana katika faili zote. Kwetu, bikoni ya kona ya kusini-magharibi ilikuwa mashariki 535412.318, kaskazini 9242706.554, na umbali wake hadi bikoni inayofuata ni mita 84.270. Kwenye faili mama rudisha mhimili wa dunia kwanza, la sivyo namba utakazosoma zitakuwa za mhimili wa mtu mwingine:

```
UCS
W
ID
```

Kisha bofya bikoni hiyo jinsi inavyoonekana ndani ya rejea yenye shaka, usome namba. Baada yake pima umbali kati ya bikoni mbili kwa `DIST`. Namba hizi zinatosha kukwambia tatizo ni lipi kati ya manne.

La kwanza: umbali wenyewe umebadilika. Siku msanifu alipoleta `KIT-NYUMBA`, nilipopachika sikuona kitu. Nikaandika `ZOOM`, kisha `E`, skrini ikawa tupu na vidoa viwili kwenye pembe. Kimoja kilikuwa kiwanja chetu. Kingine kilikuwa nyumba 14, zikiwa zaidi ya kilomita 9,200 kutoka kiwanja chenyewe. `ID` kwenye bikoni ilinipa 535.412 na 9242.707, na `DIST` ikatoa 0.084. Kila kitu kimegawanywa kwa 1,000. Msanifu alikuwa amechora kwa mita, lakini alianzia kwenye kiolezo cha ofisi yao kilichosetiwa kwa milimita. Namba zilikuwa za mita, lebo ya milimita. AutoCAD iliamini lebo.

Lebo hiyo inaitwa `INSUNITS`. Thamani 4 ni milimita, 6 ni mita. Msanifu aliifungua faili yake, akaandika `INSUNITS`, akaweka 6, akahifadhi. Mimi nikaiondoa rejea kwa `Detach` na kuipachika upya, kwa kuwa kipimo cha kuzidisha huamuliwa wakati wa kupachika na sikutaka kukisia kama kingejirekebisha. Ikakaa. Angalia kwamba hatukutumia `SCALE`. Tungezidisha kwa 1,000 upande wangu, halafu mhandisi naye kesho yake angekutana na nyumba zilezile huko mbali.

La pili: umbali ni sahihi, lakini bikoni imesogea. Toa namba moja kwa nyingine uone tofauti. Ikiwa bikoni imeangukia 0,0 kamili, au tofauti inalingana na sehemu fulani maarufu ya mchoro, fungua faili inayorejewa na uandike `INSBASE`. Hiyo ndiyo nukta ambayo faili nzima inashikwa nayo inapopachikwa, na inatakiwa iwe 0,0,0. Mpimaji wetu aliwahi kutumia amri ya `BASE` ili kuiingiza faili yake kama bloku kwenye kazi nyingine, akasahau. Akairudisha kwenye 0,0,0, akahifadhi, nikafanya `Reload`, nikapima tena.

Ila tofauti ikiwa karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na karibu mita 100 mashariki na magharibi, usihangaike na AutoCAD hata kidogo. Hapo mtu mmoja ana koordineti za Arc 1960, ambazo ramani nyingi za viwanja vyetu zimetumia, na mwingine amechukua nukta kwa kifaa cha GPS kilichosetiwa WGS 84. Zote ni UTM kanda 37 kusini, zote zinaonekana halali, na ndiyo maana watu hawazishtukii. Kuhamisha kwa macho ni kosa. Rudisha kwa mpimaji azibadilishe kwa programu yake na akupe faili mpya.

La tatu: umbali ni sahihi, lakini mchoro umezunguka. Kiwanja kikikaa mshazari, wasanifu hupenda kuugeuza mhimili ili ukuta ulale sawa na skrini. Hilo si kosa. Kosa ni kupachika rejea wakati mhimili bado umegeuka, maana 0,0,0 na pembe 0 vitasomwa kwa mhimili huo. Andika `UCS`, `W`, ndipo upachike. Anayetaka kuchora kiwanja kikiwa kimelala ageuze anavyokitazama: atumie `UCS` yake kisha `PLAN`, na mchoro wenyewe utabaki ulipo.

La nne ni la aibu tu: kuna mtu ameisukuma. Alikuwa anachagua kitu kingine, rejea ikaingia kwenye dirisha la uchaguzi, `MOVE` ikaenda nayo. Tofauti inakuwa namba isiyo na maana yoyote, kama mita 3.7 na 0.9. Rudisha nukta ya kupachikia kuwa 0,0,0 kwenye dirisha la `Properties`. Kisha weka rejea zote kwenye leya moja, kwetu `X-REJEA`, na uifunge kwa `Lock`. Usiigandishe kwa `Freeze`. Leya ambayo rejea imepachikwa ikigandishwa, rejea nzima inatoweka huku orodha ikiendelea kusema `Loaded`, na utatafuta mchana kutwa.

## Orodha inasema `Not Found`, au barabara za zamani zimerudi

`Not Found` maana yake AutoCAD imefuata njia ya faili iliyohifadhiwa na haikukuta kitu. Sababu kubwa ni njia kamili inayoanza na herufi ya diski. Kwangu seva ni `Z:`, kwa mhandisi ni `P:`, na msanifu anafanya kazi nyumbani akiwa na folda kwenye `D:`. Tumieni njia ya kadiri, inayohesabu kutoka faili mama ilipo:

```
..\03-BARABARA\KIT-BARABARA.dwg
```

Kuanzia AutoCAD 2018 hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kupachika. Rejea za zamani unaweza kuzibadilisha kwenye dirisha la `External References`: bofya kulia, `Change Path Type`, `Make Relative`. Inadai jambo moja, kwamba folda nzima ya `KIT` iwe kwenye diski moja na muundo wake usibadilishwe na mtu anayependa kupanga vitu.

Hali mbaya zaidi ni pale rejea inapopatikana, lakini siyo ile. Siku moja mitaro tuliyokwisha kuihamisha ilirudi mahali pake pa zamani kwenye faili mama. Mhandisi aliapa kwamba faili yake ni sahihi, na alikuwa anasema kweli. AutoCAD isipoona faili kwenye njia iliyoandikwa, haikati tamaa mara moja. Inatafuta jina hilohilo kwingine, ikiwemo folda ambamo faili mama imekaa. Na mle ndani ya `00-JUMLA` nilikuwa nimedondosha nakala ya barabara niliyotumiwa kwa barua pepe wiki mbili nyuma. Folda ya `03-BARABARA` ilikuwa imebadilishwa jina, njia ikakatika, na programu kwa uungwana wake ikachukua ile nakala bila kusema neno.

Kwa hiyo chagua rejea kwenye orodha na usome chini kwenye maelezo yake: `Saved Path` ni njia iliyoandikwa, `Found At` ni mahali ilipookotwa. Zisipoelekea sehemu moja, umeshapata mchawi wako.

Tatizo hili lina mzizi kwenye majina. Faili inayorejewa haitakiwi kubadilika jina hadi mradi uishe. Tarehe, toleo, maneno kama MWISHO na MWISHO-KABISA hayana nafasi pale. Ukitaka kumbukumbu ya toleo la leo, nakili faili kwenda `99-ZAMANI` na uiwekee tarehe huko. Jina la faili hai libaki `KIT-BARABARA.dwg`.

Na ikiwa njia ni sahihi, faili ni sahihi, lakini mwenzako haoni ulichobadilisha, mara nyingi ni subira tu. Rejea husomwa faili mama inapofunguliwa. Ukihifadhi wakati yeye bado yuko ndani, ataletewa kiputo cha taarifa chini kulia, lakini si papo hapo, kwani AutoCAD hukagua kila baada ya dakika 5 kwa mpangilio wa kawaida. Afanye `Reload`. Kwetu mhandisi alikuwa anasema tu, "Kaka, nimesevu, vuta tena," na mambo yanakwisha.

## Mistari imechorwa mara mbili, au AutoCAD inalalamika kuhusu mzunguko

Mhandisi anahitaji kuona mikondo ya ardhi, kwa hiyo anapachika `KIT-UPIMAJI` ndani ya faili yake. Msanifu naye hivyohivyo. Kisha mimi kwenye faili mama napachika zote tatu. Mikondo inakuja mara tatu, mmoja juu ya mwingine. Kwenye skrini huoni kitu ila mchoro umekuwa mzito. Geuza orodha ya rejea iwe `Tree View`: utakuta `KIT-UPIMAJI` imejitokeza pia chini ya faili ya mhandisi na ya msanifu, na hapo ndipo unajua.

Sababu ni aina ya upachikaji. `Attachment` inasafiri: mtu akiirejea faili yako, anaichukua pamoja na ulizozirejea. `Overlay` haisafiri, unaiona wewe uliyeipachika na inaishia hapo. Kila mtu anayevuta kazi ya mwenzake kwa kuitazama tu atumie `Overlay`. Ukiwa na `Overlay`, hata mhandisi akimvuta msanifu na msanifu akamvuta mhandisi, hakuna mzunguko, kwa sababu hakuna anayebeba mzigo wa mwenzake. Kubadilisha ni kubofya mara mbili neno la aina kwenye safu ya `Type` ya orodha, kisha kuhifadhi. Lakini ifanyike kwenye faili ya yule aliyepachika, si kwenye faili mama.

Kuna pahali pamoja ambapo `Attachment` ndiyo inayotakiwa. Kati ya nyumba zetu 14, tisa zilikuwa za aina A. Msanifu alichora nyumba A kwenye faili yake ya peke yake, kwa milimita, `INSUNITS` ikiwa 4, na kuipachika mara tisa ndani ya `KIT-NYUMBA` ambayo ni ya mita. Hapa ile lebo iliyotutesa ilifanya kazi yake: kila nyumba ilipunguzwa kwa 1,000 yenyewe. Alipohamisha mlango wa jiko, milango tisa ilihama. Rejea hiyo ni lazima iwe `Attachment`, la sivyo faili mama itaonyesha kiwanja bila nyumba hizo tisa.

## Umeleta bloku mpya, imekuja ya zamani

Bloku ni kitu kingine kabisa. Rejea inaishi nje na husomwa upya. Bloku ikishaingia kwenye mchoro, maana yake imehifadhiwa humo ndani, na haina tena habari na faili ilikotoka. Ukiwa na faili nne zenye bloku iitwayo `SHIMO` ya chemba ya maji taka, una fasili nne zinazojitegemea.

Tulibadilisha `SHIMO` ili ibebe kina cha chini cha bomba. Mhandisi alinakili chemba mpya kutoka faili nyingine na kuibandika kwake, ikaja ile ya zamani isiyo na kina. Kwenye mstari wa amri kulikuwa na sentensi ambayo hakuna anayeisoma:

```
Duplicate definition of block SHIMO ignored.
```

Jina likishakuwepo, fasili iliyomo ndiyo inayoshinda na ile inayokuja hutupwa. Ukitaka mpya ishinde, ni lazima useme hivyo kwa alama ya usawa:

```
-INSERT
SHIMO=Z:\KIT\09-BLOKU\SHIMO.dwg
```

AutoCAD itauliza kama ufafanuzi ubadilishwe; jibu ndiyo, kisha bonyeza `Esc` inapokuuliza mahali pa kuweka. Chemba zote zilizomo zitachukua umbo jipya. Umbo tu, lakini. Ile sehemu ya kuandikia kina ni sifa ya bloku, na chemba zilizokwisha kuwekwa haziipati hadi uandike `ATTSYNC`, uchague kwa jina, `SHIMO`. Tahadhari: amri hiyo inarudisha maandishi yote mahali yalipo kwenye fasili, kwa hiyo namba ulizozisogeza kwa mkono zisikanyage mstari zitarudi kukanyaga. Fanya mapema, kabla ya usafi wa mwisho.

Kisha rudia kwenye kila faili yenye bloku hiyo, kila mwenye faili kwake na kwa herufi ya diski yake badala ya `Z:` yangu. Kuirekebisha kwenye faili mama hakumgusi mhandisi: chemba zake mle zinajulikana kama `KIT-BARABARA|SHIMO`, jina jingine kabisa. Ndiyo maana kwetu `SHIMO` ilipewa mwenyewe, mhandisi, na miti ikapewa msanifu. Mtu wa pili akihitaji kitu cha aina hiyo anakivuta kwa rejea, hakinakili.

Bloku zikikataa kufuata rangi ya leya uliyoziweka, vitu vilivyo ndani yake vilichorwa kwenye leya nyingine au vimepewa rangi ya kudumu. Ifungue kwa `BEDIT`, peleka vyote leya `0`, rangi `ByLayer`, funga.

## Rangi nilizopanga zimepotea

Ukizififisha barabara kwenye faili mama na kesho yake zimerudi na rangi za mhandisi, angalia `VISRETAIN`. Iwe 1, ili faili mama ikumbuke rangi na leya ulizozima. Upande wake wa pili ni kwamba mhandisi akibadilisha rangi kwake, kwako haitaonekana. Ukiitaka, weka 0, `Reload`, rudisha 1. Ila ujue utapoteza mpangilio wako wote, siyo leya ile moja tu.

## Mhandisi amehamisha mtaro na faili mama haijui kabisa

Umeshafanya `Reload`, na jina la rejea halipo hata kwenye orodha. Fungua orodha ya leya. Ukikuta majina kama `KIT-BARABARA$0$MTARO`, yenye `$0$` badala ya mstari wima, kuna mtu aliyetumia `Bind` ili apeleke kazi nje kama faili moja, halafu akahifadhi juu ya faili yenyewe. Rejea imeyeyushwa ndani ya mchoro na kamba imekatwa. Ukikuta majina yameungana tu bila alama yoyote, alichagua `Insert`, na hapo hata kujua kipi kilikuwa cha nani ni kazi.

Usijaribu kuvitenganisha. Chukua faili mama ya mwisho iliyo na rejea hai kutoka `99-ZAMANI`, hamishia kurasa zilizobadilika tangu siku hiyo, uendelee. Kupeleka kazi nje tumia `ETRANSMIT`: inakusanya faili mama na rejea zake zote kwenye kifurushi kimoja, na kama mpokeaji anadai faili moja, ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kuunganisha rejea. Muungano huo unafanyika kwenye nakala iliyo ndani ya kifurushi, na `KIT-JUMLA.dwg` yako inabaki ilivyokuwa.